Kuchomwa sindano kazini: maana yake na saa za kwanza baada ya tukio

Jeraha la sindano kazini ni pale ngozi ya mhudumu wa afya inapotobolewa na sindano, wembe wa upasuaji au ncha nyingine kali iliyokwisha kugusa damu ya mgonjwa. Ukubwa wa jeraha si hoja. Tundu lisilotoa hata tone la damu linahesabika. Damu iliyorukia jicho, mdomo au ngozi yenye kidonda nayo hushughulikiwa kwa utaratibu huohuo.

Vinavyohofiwa hasa ni virusi vitatu, na hatari zake zinatofautiana sana. Kama mgonjwa ana VVU na hatumii dawa, uwezekano wa kuambukizwa kwa kuchomwa mara moja ni takriban watu 3 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini C ni chini ya 2 kati ya 100. Homa ya ini B ndiyo kali zaidi: kwa muuguzi asiyepata chanjo, ni kati ya 6 na 30 kwa kila 100. Wauguzi wengi huanza na hofu ya VVU na kuisahau B, ilhali hiyo ndiyo inayoambukiza kirahisi zaidi, na ndiyo yenye chanjo.

Tuchukue tukio moja. Ni saa nane usiku, muuguzi yuko wodini na mwenzake mmoja tu. Anatoa damu kwenye mshipa wa mgonjwa ambaye hali yake ya VVU haijulikani. Anapochomoa sindano, mgonjwa anashtuka na kuvuta mkono, na sindano inapenya glovu hadi kwenye kidole gumba cha muuguzi.

Kwanza anaitumbukiza sindano kwenye sefti boksi, yaani boksi la kutupia sindano zilizotumika, bila kuirudishia kifuniko, na kumwomba mwenzake: "Dada, nimejichoma. Mbanie mgonjwa pamba hapa." Kisha anavua glovu na kwenda bombani, anaosha kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka. Hakamui kidole, hakinyonyi, wala hakisugui kwa brashi. Hakimwagii dawa ya madoa wala spiriti. Kukamua hakujathibitika kuondoa virusi, na dawa kali huunguza nyama na kuongeza mlango wa maambukizi. Ingekuwa jicho, angelisuuza kwa maji safi au maji ya chumvi ya dripu.

Baada ya hapo anamwarifu msimamizi wa zamu, usiku uleule. Hapa ndipo mambo mengi huharibika. Muuguzi hufunga plasta, humalizia zamu kwa kuwa wagonjwa ni wengi, na huripoti asubuhi au haripoti kabisa kwa kuogopa kulaumiwa. Lakini VVU vikiingia kwa njia ya jeraha havisambai mwili mzima papo hapo. Huanzia kwenye seli za kinga zilizo karibu na jeraha, halafu huelekea kwenye tezi za limfu katika siku mbili tatu zinazofuata. Dawa za kinga, zinazojulikana kama PEP, zimekusudiwa kuwahi kabla virusi havijajikita. Zinapaswa kuanza haraka iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa chache, na zikipita saa 72 kwa kawaida hazianzishwi tena. Kusubiri asubuhi ni kutupa saa ambazo dawa ilikuwa na nguvu zaidi.

Daktari wa zamu atapima uzito wa tukio. Sindano yenye tundu ndani hubeba damu nyingi kuliko ya kushonea. Jeraha la kina, damu inayoonekana kwenye kifaa, na sindano iliyotoka moja kwa moja kwenye mshipa, yote huongeza hatari, na muuguzi wetu anayo karibu yote. Glovu hufuta sehemu ya damu inapotobolewa, kwa hiyo husaidia, ila haifuti tukio. Na mgonjwa kuonekana mwenye afya hakuelezi lolote kuhusu damu yake.

Mgonjwa anaelezwa kilichotokea na kuombwa ridhaa ya kupimwa VVU na homa za ini. Dozi ya kwanza ya PEP haisubiri majibu hayo; inamezwa kwanza. Mgonjwa akionekana hana VVU, na hakuna sababu ya kudhani ameambukizwa karibuni kiasi cha kipimo kutoona, dawa husitishwa.

Muuguzi naye anapimwa hapohapo. Wengi hukwepa kipimo hiki na kuomba dawa kwa rafiki wa kliniki, kimyakimya. Ni kosa lenye madhara. Kama tayari alikuwa na VVU bila kujua, anahitaji matibabu kamili, si dawa za mwezi mmoja. Kama hana, jibu hilo ndilo ushahidi kwamba maambukizi yoyote ya baadaye yalianzia kazini, na bila hilo madai ya fidia hukosa mguu wa kusimamia. Ndiyo maana fomu ya tukio huandikwa saa, kifaa, kina cha jeraha, kazi iliyokuwa ikifanyika na hali ya chanjo. Majibu yake ni siri, hayabandikwi kwenye ofisi ya wodi.

Dawa zinazotumika sana ni tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, kwa siku 28. Tenofoviri hupita kwenye figo, hivyo hupimwa kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Kichefuchefu, kuumwa kichwa na kukosa usingizi ndivyo humfanya mtu aache dawa katikati. Aseme kwa daktari mapema ili asaidiwe, asiache. Anayemeza dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini, au vidonge vya madini ya chuma, aulize jinsi ya kuzitenganisha, kwa sababu huzuia dolutegraviri kufyonzwa vizuri.

Kwa homa ya ini B, swali ni moja: je, chanjo yake ilifanya kazi? Kinga ya yuniti 10 au zaidi kwa lita baada ya dozi zote inatosha, na hahitaji kingine. Asiyechanjwa huanza chanjo mara moja, na kama mgonjwa ana virusi vya B, huongezewa sindano ya kingamwili, vema ndani ya saa 24. Homa ya ini C haina dawa ya kuzuia baada ya kuchomwa. Anayeambukizwa hugunduliwa kwa vipimo, na vidonge vya sasa huwaponya walio wengi.

Kipimo cha VVU hurudiwa wiki ya 6 na ya 12. Cha homa ya ini C hutafuta virusi vyenyewe kati ya wiki ya 3 na ya 6, kisha kingamwili katika mwezi wa 4 hadi wa 6. Katika kipindi hiki muuguzi hutumia kondomu, hatoi damu, na akiwa ananyonyesha huzungumza na daktari. Homa, vipele au tezi zilizovimba zikitokea, asisubiri tarehe ya miadi. Kazini anaendelea kama kawaida. Hakuna sababu ya kumtoa wodini.

Fomu yake ikiwa na saa na mahali, msimamizi anaweza kuona kwamba matukio mengi hutokea pale ambapo sefti boksi iko mbali na kitanda, au imejaa kupita robo tatu, kiwango ambacho ilitakiwa iwe imefungwa na kubadilishwa. Asipoiandika, boksi hubaki palepale.