Chati ya Gantt bila utegemezi ni mapambo tu

Nikiletewa chati ya Gantt, yaani mchoro wa mistari unaoonyesha kila kazi ya mradi inaanza na kuisha lini, niikague, kitu cha kwanza ninachofanya ni kuchukua kazi moja ya mwanzoni na kuiongezea siku kumi. Kama tarehe ya kumaliza mradi haikusogea hata kidogo, nafahamu kwamba aliyeichora alijaza tarehe kwa mkono, wala hakuunganisha kazi na kazi. Chati ya namna hiyo inapendeza ukutani, ila haiwezi kukuambia lolote siku mambo yanapochelewa.

Kwa haki, chati zenyewe zilizaliwa hivyo. Henry Gantt alizitangaza miaka ya 1910, ilhali hesabu ya njia muhimu, yaani mnyororo wa kazi ambao ukichelewa mradi mzima unachelewa, ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1950, pale kampuni ya DuPont ilipotafuta namna ya kupanga kazi za viwanda vyake. Siku hizi programu huviweka vyote viwili kwenye skrini moja, na watu hudhani ni kitu kimoja.

Tuchukue mradi mdogo wa kuandaa chumba cha kompyuta. Mchoro na orodha ya vifaa vinachukua siku 3. Mchoro ukikamilika, kazi mbili zinaanza kwa pamoja: kompyuta zinaagizwa, nazo hufika baada ya siku 12, na fundi anaanza kuvuta nyaya kwa siku 5. Rangi, siku 4, inasubiri nyaya, kwa sababu fundi umeme lazima atoboe kuta. Meza zinaingia baada ya rangi, siku 2. Kufunga kompyuta, siku 3, kunasubiri kompyuta zenyewe na meza pia. Mwisho ni majaribio, siku 2.

```
Mchoro     ###
Kompyuta   ...############
Nyaya      ...#####
Rangi      ........####
Meza       ............##
Kufunga    ...............###
Majaribio  ..................##
```

Kwenda mbele ni rahisi: kila kazi inaanza pale kazi ya mwisho kati ya zile inazozisubiri inapokwisha. Meza zinakamilika siku ya 14, kompyuta zinafika siku ya 15, kwa hiyo kufunga kunaanza siku ya 16. Mradi unaisha siku ya 20.

Sasa rudi nyuma kutoka siku ya 20, ukijiuliza kila kazi inaweza kuchelewa kumalizika hadi lini bila kusogeza mwisho. Kufunga lazima kuanze siku ya 16, basi meza zinaweza kukamilika siku ya 15 badala ya 14. Rangi inaweza kuisha siku ya 13 badala ya 12, na nyaya siku ya 9 badala ya 8. Kila mojawapo ina siku 1 ya ziada. Mchoro, kompyuta, kufunga na majaribio hazina hata siku moja. Hizo nne ndizo njia muhimu: 3 + 12 + 3 + 2 = 20.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wakiona nyaya, rangi na meza kila moja ina siku 1 ya ziada, wanahesabu siku 3. Hapana, ni siku moja ileile, ya mnyororo mzima. Fundi umeme akiitumia, mpaka rangi amebaki mikono mitupu, na kuanzia hapo mnyororo wake nao hauna pa kupumulia. Ndiyo maana sipendi kumwambia fundi wa kwanza kwamba ana siku ya ziada, ataitumia.

Mtego wa pili ni kununua muda. Tuseme msafirishaji anakubali kuleta kompyuta kwa siku 9 badala ya 12, kwa malipo ya juu. Bosi anatarajia mradi uishe siku ya 17. Lakini kompyuta zikifika siku ya 12 zitakuta rangi ndiyo kwanza inamalizika, na meza hazikamiliki hadi siku ya 14. Mradi utaisha siku ya 19. Amelipia siku tatu, kapata moja, kwa kuwa njia muhimu imehamia kwenye nyaya, rangi na meza.

Kwa hiyo punguza kidogo, kisha hesabu upya. Ukitaka siku ya 18, fupisha usafiri kwa siku 2 na mnyororo wa pili kwa siku 1, labda kwa kuongeza mpaka rangi wa pili. Inawezekana, ila angalia ulichokipata: minyororo yote miwili inaishia siku ya 13, na katika mradi mzima hakuna kazi iliyobaki na siku ya ziada. Gharama hiyo huwa naiandika kwenye mpango wenyewe, kando ya bei ya usafiri wa haraka, ili anayeidhinisha aione kabla ya kutia sahihi.