Kwa nini kengele ya moshi hulia bila moto?

"Kengele ya moshi ya kwetu hulia kila nikikaanga chapati. Kwani hawawezi kutengeneza isiyokosea?"

Isiyolia bure unaweza kujitengenezea sasa hivi: itoe betri. Haitakusumbua tena, hata nyumba ikiteketea.

Kengele haiuoni moto. Inapima chembe zilizo hewani, huku ikishikilia dai moja kwamba hakuna moto, na hulikataa dai hilo pale tu kipimo kinapovuka kiwango fulani. Wanatakwimu nao hupima nadharia tete, yaani dai linalosubiri kujaribiwa, kwa mtindo huo, na Jerzy Neyman na Egon Pearson, katika makala yao ya mwaka 1933, walitenganisha namna mbili za kukosea. Ikilia bila moto, imekataa dai la kweli: hilo ni kosa la aina ya kwanza. Ikinyamaza moto ukiwaka, imeacha dai la uongo lisimame: kosa la aina ya pili.

Tuchukue namba za mfano. Tuseme hewa ya kawaida husomeka wastani wa 20, na moto unaoanza husomeka 35, ila vipimo hupanda na kushuka kwa mkengeuko wastani, yaani kadirio la jinsi vinavyotawanyika kuuzunguka wastani, wa 5. Ukiiweka kengele ilie kuanzia 28.2, italia bure mara 5 kati ya 100, na itaukosa moto mara 9 hivi kati ya 100. Umechoshwa na kelele, ukasogeza hadi 31.6? Kulia bure kunashuka hadi mara 1 kati ya 100. Lakini sasa moto mmoja kati ya minne unapita kimya. Hakuna kilichotengenezwa hapo. Kosa limehamishwa tu kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Njia ya kupunguza yote mawili ni kuongeza ushahidi. Kengele ikichukua wastani wa vipimo vinne badala ya kimoja, mkengeuko wa 5 unakuwa 2.5. Weka kiwango katikati, 27.5, na kila kosa linabaki kama mara 1 tu kati ya 1,000. Kwa kipimo kimoja, kiwango hicho hicho kingekosea karibu mara 7 kati ya 100 kila upande.

Hesabu hiyo, hata hivyo, inataka kila kipimo kijitegemee, na hapo ndipo chapati zako zinapoiharibu. Mafuta yakishaungua, moshi hutanda jikoni dakika kadhaa. Vipimo vinne vya sekunde nne mfululizo vinasoma moshi ule ule, kama kumuuliza shahidi mmoja mara nne. Ile 20 ya hewa ya kawaida nayo haipo tena.

Kwa hiyo usiguse kiwango wala betri. Ihamishe kengele, iwe angalau mita 3 kutoka jikoni unapokaangia.