Sisti ya sentimita tatu haijakueleza kwa nini unaumwa

Wiki hii nimeletewa tena ile karatasi. Mdada anaumwa chini ya kitovu, kapigwa utrasaundi mtaani, kaandikiwa "sisti ya ovari", na mchezo umeisha hapo. Kapewa diklofenaki, kaambiwa anywe maji mengi. Nikiuliza kipimo cha mimba kimesemaje, ananitazama kama nimemvunjia heshima: "Dokta, tatizo langu ni sisti."

Tuelewane kuhusu hizi sisti. Kila mwezi ovari hujaza kijifuko cha maji ili itoe yai. Ukimpiga picha mwanamke wa miaka 25 asiyeumwa popote, una nafasi nzuri ya kukuta kimoja. Chini ya sentimita tano, chenye maji matupu, kwa kawaida hupotea chenyewe ndani ya mizunguko miwili mitatu. Na yai likishatoka, pale lilipotoka hubaki kifuko kinachotengeneza homoni ya kuishikilia mimba. Mimba isipotunga, kinanyauka. Ikitunga, kinabaki, hata kama imetunga nje ya kizazi, kwenye mrija wa yai. Kwa hiyo sisti unayoishika mkononi kama jibu inaweza kuwa ipo kwa sababu una mimba. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira, maana karatasi hiyo hiyo ndiyo inayowafanya watu waache kutafuta.

Nitoe mfano, nikiwa nimebadilisha mambo ya kumtambulisha. Miaka 27, maumivu upande wa kushoto tangu Ijumaa. Anasema kaona siku zake wiki iliyopita. Nikamwomba anieleze hizo siku: matone meusi, siku mbili, na zilichelewa. Hiyo si hedhi yake, na mwenyewe alijua, ila hakuna aliyemuuliza. Picha ilisema kizazi kitupu, maji kidogo nyuma ya kizazi, sisti ya sentimita tatu ovari ya kulia. Ya kulia! Mgonjwa anaumwa kushoto.

Jumapili akaanza kwenda chooni mara kwa mara, kinatoka kidogo, haja haiishi. Akaenda kwingine, wakamwambia taifodi. Nawaelewa kidogo, maana tumbo la kuhara ndilo tunaloliona kila siku. Lakini damu ikivujia ndani hutulia kwenye bonde lililo kati ya kizazi na utumbo mpana wa mwisho, ikiukera utumbo huo ukajiona umejaa. Aliyeharisha kwa chakula kibovu hutoa maji mengi, ana homa au anatapika, na maumivu huja kwa mikato na kuachia. Huyu alitoa kidogo, hakuwa na homa, na alipoinuka chooni macho yakaingia giza. Usiku alishindwa kulala chali kwa maumivu ya bega. Bega halina ugonjwa: damu imefika chini ya kiwambo cha kifua, na mishipa yake ya fahamu hupeleka maumivu begani.

Jumatatu alifika kwangu, mapigo 118, presha 100 kwa 60. Presha hiyo isikudanganye, mwili wa kijana huishikilia mpaka umechoka. Kipimo cha mkojo, cha dakika tano: mistari miwili. Tukaingia thieta, tukakuta mrija wa kushoto umepasuka na damu kama lita moja na nusu tumboni. Tuliuondoa mrija. Sisti ya kulia ilikuwa pale pale, imetulia, haina habari.

Kidole tumbo nitakipitia haraka: huanza karibu na kitovu, kisha huhamia chini kulia, na hamu ya kula hukata mapema. Ovari iliyojinyonga nayo huja ghafla na kutapika, mara nyingi ikiwa na sisti kubwa kuliko sentimita tano. Hapa nakiri huwa nababaika. Picha ikionyesha damu inapita kwenye ovari, bado inaweza kuwa imejinyonga, na nimewahi kufungua nikitegemea ovari nikakuta kidole tumbo.

Ninapobabaika zaidi ni pale kipimo cha mimba kinaposema ndiyo, kizazi ni kitupu, na mgonjwa ametulia. Huenda mimba ni changa mno kuonekana, huenda iko mrijani, huenda imeshatoka. Wakati huo simchomi dawa ya kuisimamisha mimba wala simfungui. Napima homoni ya mimba kwenye damu, narudia baada ya saa 48 nione inapanda vipi, na hakai mbali na hospitali. Akiishi mahali ambapo bodaboda haifiki usiku, namlaza.

Yule dada aliporuhusiwa aliniuliza kama sisti tungeitoa lini. Nikamwambia arudi baada ya wiki sita tumpige picha. Alirudi. Haikuwepo.