Je, wajua? Neno "eti" huunguza ujumbe kuliko tusi

"Nikiudhiwa naandika ujumbe mrefu wa moto, halafu baadaye najuta. Nikiupunguza ukali, unakuwa kama naomba msaada. Nifanyeje hoja ibaki, hasira itoke?"

Anza na mahali pa kuandikia. Usiandikie ndani ya gumzo la mtu mwenyewe, kwa sababu kidole kikiteleza umeshatuma. Andika kwenye daftari la simu, au kwenye karatasi, na uyamwage yote bila kujizuia. Kama umeandika usiku, uache mpaka asubuhi. Ukiusoma papo hapo, bado unaisikia sauti yako mwenyewe kichwani, kwa hiyo kila sentensi inaonekana ya haki. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani, Justin Kruger na Nicholas Epley pamoja na wenzao, walichapisha majaribio ya watu waliotumiana sentensi za kejeli na za kweli kwa barua pepe. Waandishi waliamini kwamba wasomaji wangetambua ipi ni ipi zaidi ya mara tatu kwa kila nne. Wasomaji walipatia nusu na ushei tu, karibu sawa na kurusha sarafu. Sauti inabaki kwa mwandishi, na msomaji hupata maneno matupu.

Sasa tuchukue ujumbe mmoja. Mwenye nyumba wa Ngamiani, Tanga, anamdai seremala milango miwili ya mninga. Rasimu yake ya usiku ni hii:

"Wewe fundi hivi unadhani pesa zangu nimeziokota barabarani? Kila siku kesho kesho, eti mbao hazijakauka! Nyinyi mafundi waongo wote. Nyumba inaingia maji masika haya wala hujali. Muungwana ni vitendo. Kesho nisipoona milango nakuletea polisi."

Kalamu mkononi, pita sentensi moja moja na uweke alama. T ni tukio, yaani kitu ambacho hata fundi mwenyewe hawezi kukikana. O ni ombi. M ni mtu, yaani hukumu juu yake. Hapa utapata M nyingi, O moja iliyovaa tishio, na T moja na nusu: maji yanaingia, na fundi amesema mbao hazijakauka. Kiasi cha pesa hakimo. Tarehe ya ahadi haimo. Hata idadi ya milango haimo. Ndivyo rasimu za hasira zilivyo: ukali ni mwingi, lakini ushahidi haujaandikwa kwa sababu mwandishi anaujua na anadhani mwenzake anaukumbuka.

Katika Kiswahili, moto haukai kwenye matusi peke yake. Hukaa kwenye vijineno. "Hivi unadhani" si swali, ni kofi, maana halina jibu ambalo fundi anaweza kulitoa akabaki na heshima. "Nyinyi" kwa mtu mmoja humgeuza kuwa kabila zima la wakosaji, na hapo ataacha kuzungumzia milango aanze kuwatetea mafundi wenzake. "Kila siku" ni rahisi kuipinga: ataitaja siku moja ambayo hakusema kesho, na ubishi umehamia huko.

"Eti" ndiyo mbaya zaidi. Inatupa sababu ya mwenzako kabla ya kuipima, na huenda sababu hiyo ni ya kweli. Mlango uliopigwa kwa mbao mbichi husinyaa na kupinda unapokauka. Baada ya muda haufungi vizuri, na kwenye maungio unaacha nyufa. Kwa hiyo kudai milango kesho, wakati mbao kweli ni mbichi, ni kudai milango mibovu. Ukiifuta "eti", sentensi inabadilika kuwa swali lenye faida: zitakauka lini?

Methali nayo iangalie. Mtu wa pwani amekulia kwenye maandishi ya kanga na mipasho ya taarabu, anajua fumbo limelengwa wapi. "Muungwana ni vitendo" atasoma kwamba umemwita asiye muungwana, na hilo linauma kuliko kuambiwa kachelewa. Salamu iliyoachwa pia ni ujumbe. Irudishe, lakini iwe ya kawaida yenu. Ukimwandikia "shikamoo sana mheshimiwa fundi" na haijawahi kuwa hivyo, umerudisha kejeli kwa mlango wa nyuma.

Kisha, pembeni, andika mstari mmoja: nataka nini, kufikia lini, na isipokuwa hivyo nitafanya nini. Ujumbe mpya unajengwa juu ya mstari huo, na T zilizokosekana zinatolewa kwenye risiti, si kwenye kumbukumbu:

"Assalamu alaikum fundi, habari za kazi. Naandika kuhusu milango miwili ya mninga. Tulipatana 640,000. Tarehe 3 Machi nilikupa 400,000, ukaniahidi milango tarehe 24 Machi. Leo ni tarehe 14 Aprili, sijapata hata mmoja. Mvua inaingia sebuleni, nimeziba kwa turubai. Umesema mbao hazijakauka. Naomba leo uniambie zitakauka lini. Nataka milango yote iwe imewekwa mahali pake kufikia tarehe 28 Aprili. Ikishindikana, siku hiyo nirudishie 400,000 nitafute fundi mwingine."

Umekuwa mrefu kuliko ule wa kwanza, na hilo si kosa. Kilichoongezeka ni tarehe na hesabu. "Hata mmoja" ina joto kidogo, lakini ni kweli, na ujumbe usio na joto kabisa hausomeki kama wa mtu aliyenyeshewa sebuleni. "Naomba" iko mara moja tu, na "nataka" imeachwa makusudi.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu kwa upande wa pili. Wakiogopa ukali, wanaandika "milango imechelewa kidogo, ukipata nafasi nijulishe, samahani kwa usumbufu." Kitenzi kama "imechelewa" hupoza vizuri kwa sababu hakimnyooshei mtu kidole, ila kikitumika kila mahali milango inakuwa imejichelewesha yenyewe. Kitumie kueleza hali. Panapokuwa na ahadi au kazi ya kufanya, mtaje mwenye nayo: "ukaniahidi", "uniambie", "nirudishie". Kujua kama umepoza kupita kiasi, mpe mtu asiyejua kisa asome kwa sauti, umuulize nadai nini na lini. Akisita kwenye tarehe, rudi ukaandike. Na kama sauti yake imepanda mahali ambapo hukukusudia, papo hapo pana M iliyojificha.

Tishio la polisi limeondoka kwa sababu nyingine: deni la kazi isiyokamilika kwa kawaida ni dai la madai, na njia yake ni Mahakama ya Mwanzo. Fundi anayelijua hilo atacheka, na sentensi zako za kweli zitachekwa pamoja nalo. Taja hatua ambayo kweli utaichukua. Kumbuka pia kwamba mkifika huko, simu inaweza kufunguliwa na kusomwa. Ujumbe wa matusi au vitisho unaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Usitegemee kurekebisha baada ya kutuma. Wasapu hukupa dakika 15 tu za kuhariri, na neno kwamba umehariri hubaki pale. Ukifuta kwa wote, alama ya kufuta inabaki pia, na fundi atakesha akiwaza ulikuwa umeandika nini.