Goti kuteguka: neno moja, majeraha matatu

Mtu akizungusha goti uwanjani, hapa Mombasa tunasema limeteguka, kisha anatafutwa mkandaji. Neno hilo linaficha majeraha yasiyofanana. Huenda limeumia ligamenti, yaani kano zinazofunga mfupa wa paja na wa muundi. Huenda ni meniskasi, vile vipande viwili vya gegedu vilivyopinda kama mwezi mwandamo katikati ya mifupa hiyo. Au ni pia ya goti, imechomoka kwenye mfereji wake.

Swali ninalolitanguliza ni moja: lilivimba lini?

Kijana wa miaka 22 aliumia akicheza mpira Tononoka. Aligeuka ghafla, mguu ukabaki chini, mwili ukaenda, akasikia mlio ndani ya goti.

"Lilivimba lini, mwanangu?"

"Hata viatu sijavua, daktari."

Goti likijaa ndani ya saa mbili hivi, aghalabu iliyojaa ni damu, na ligamenti ya mbele katikati ya goti ikikatika huvuja damu nyingi. Meniskasi ina mishipa michache ya damu. Ikichanika peke yake, mtu huweza kumaliza mechi, akaamka kesho yake goti limevimba.

Ila pia ya goti ikihama nayo hujaza goti damu upesi, kwa hiyo saa peke yake haitoshi. Nilimuuliza kama aliona kifupa kimekimbilia upande wa nje, kisha kikarudi aliponyoosha mguu. Hakuona. Nikaisukuma pia ya goti taratibu kuelekea nje. Ambaye pia yake iliwahi kuhama hushtuka na kukushika mkono. Yeye alitulia tu.

Wiki ya tatu, uvimbe ulipopungua, alitembea vizuri sakafuni, lakini akiteremka kwenda kwenye feri Likoni na kugeuka kumpisha mtu, goti linamponyoka. Hilo ni lalamiko la ligamenti. Mwenye meniskasi iliyochanika zaidi hulalamika kuwa goti linakwama, halinyooki hadi mwisho, na kuchuchumaa kunamuuma.

Nikamlaza chali, goti limekunjwa nyuzi 20 hadi 30. Mkono mmoja ulishika paja, mwingine ukavuta muundi kuja mbele. Mguu usioumia ndio kipimo, nao nilianza nao: ulisogea kidogo ukagota. Ulioumia uliteleza bila kugota popote. Siku ya kwanza nisingelijua hilo, maana goti lililojaa na misuli iliyokaza kwa maumivu huzuia mfupa usiteleze, ukadhani kano ni nzima. Ndiyo sababu namrudisha mgonjwa baada ya siku kadhaa.

Mwisho nilibonyeza kwa kidole mstari ambapo mifupa miwili inakutana, upande wa ndani. Akaruka. Ligamenti na meniskasi huumia pamoja mara nyingi, na vidole havithibitishi mchaniko wa meniskasi, basi nikamwandikia picha ya MRI. Mkandaji nilimwomba amwache kwanza.

Asiyeweza kupiga hatua nne, au kuinua mguu ulionyooka, au mwenye unyayo uliopoa, huyo haningojei wiki tatu: anapelekwa hospitali siku hiyohiyo.