Kusoma ramani ya upimaji kwenye picha: acha eneo likague kodineti

Kazi yenyewe ni ya kunakili: picha ya ramani ya upimaji inaletwa, unatoa namba ya kiwanja, eneo lililoandikwa na kodineti za bikoni, yaani alama za kona za kiwanja, kisha vyote unaviweka kwenye orodha ambayo mtu mwingine ataitumia bila kurudi kwenye picha. Ugumu uko kwenye kujua kama ulichonakili ndicho kilichoandikwa. 1 ikisomwa kama 7, au 3 kama 8, namba inayopatikana bado ina sura ya kodineti halali, na hakuna jicho litakaloikamata kwa kuitazama tu.

Ramani, hata hivyo, imebeba ushahidi wake yenyewe. Ukiwa na kodineti unaweza kupata urefu wa kila upande, na unaweza kupata eneo. Vyote viwili kwa kawaida vimeandikwa kwenye karatasi hiyohiyo. Kwa hiyo usomaji mmoja unakaguliwa na mwingine, na mara nyingi hesabu haikuambii tu kwamba kuna kosa, bali pia liko kwenye bikoni ipi na kwenye tarakimu ipi.

Kwanza picha. Omba itumwe kama faili, kwa sababu picha ikipita kwenye WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na tarakimu ndogo ndizo zinazoumia mwanzo. Omba picha mbili: moja ya karatasi nzima, nyingine ya jedwali la kodineti peke yake likiwa limejaza fremu. Picha kukaa upande kidogo hakuharibu namba, ila kunaharibu vipimo. Usipime chochote kwa rula juu ya picha, hata kama skeli imeandikwa pembeni.

Namba ya kiwanja ianze kutafutwa kwenye kichwa cha ramani, kisha ithibitishwe ndani ya umbo lililozungushiwa mstari mzito. Majirani nao wana namba zao, na zimeandikwa ndani ya mipaka yao, wakati mwingine kwa herufi kubwa kuliko za kiwanja chenyewe. Kuna pia namba ya ramani na namba ya jalada, ambazo si namba ya kiwanja. Kama kuna kitalu, kinakili kwenye safu yake, usikibandike kwenye namba. Eneo nalo liandikwe pamoja na kipimo chake kama lilivyo. Nukta na sifuri ya mbele hufifia haraka kwenye nakala za nakala: 0.0907 ikisomwa 0.907, kiwanja kimekua mara kumi.

Sasa jedwali. Safu mbili za kodineti zinaweza kuitwa E na N, yaani mashariki na kaskazini, au Y na X. Usidhani kwamba X ni ya mashariki kwa sababu ndivyo ulivyochora grafu shuleni. Kwenye ramani nyingi za upimaji X ndiyo ya kaskazini. Angalia pia kama juu ya jedwali kuna namba ya kujumlisha. Wapimaji wengine huandika sehemu ya mbele ya kodineti mara moja tu, kisha kila mstari ukabaki na tarakimu za mwisho. Ukiikosa hiyo, orodha yako itakuwa na umbo sahihi lililokaa mahali pasipo sahihi.

Tuchukue mfano. Namba hizi nimezitunga, ili nisianike kiwanja cha mtu. Kiwanja namba 214, kitalu D, eneo 0.0907 Ha, yaani mita za mraba 907. Kodineti ni za UTM, mfumo wa gridi wa mita unaoigawa dunia katika kanda, kusini mwa ikweta. Karatasi ilikuwa imekunjwa, na mkunjo umepita juu ya mstari wa mwisho wa jedwali. Nilichosoma ni hiki:

```
bikoni  E          N
GT12    524318.42  9631106.75
GT13    524348.10  9631112.30
GT27    524312.95  9631136.27
GT28    524342.66  9631147.80
```

Naziweka kwenye lahajedwali, jina safu ya A, kisha E na N kwenye B na C, kuanzia mstari wa 2. Bikoni ya kwanza inarudiwa mwishoni, mstari wa 6, ili umbo lifunge. Fomula ya kwanza ni ya eneo, ya pili ni ya urefu wa upande:

```
=ABS(SUMPRODUCT(B2:B5,C3:C6)-SUMPRODUCT(B3:B6,C2:C5))/2
=SQRT((B3-B2)^2+(C3-C2)^2)
```

Anayetumia kikokotoo cha mkononi aondoe kwanza sehemu inayofanana, hapa 524000 kwenye E na 9631000 kwenye N. Kuzidisha namba ndefu kama hizi kunazaa jibu lenye tarakimu nyingi kuliko kikokotoo kinavyoweza kushika, na kinachokatwa ni zile tarakimu za mwisho ambazo eneo linazitegemea.

Jibu la kwanza ni mita za mraba 16.8. Eneo linapoanguka namna hii, kabla ya kulaumu tarakimu tazama mpangilio. Jedwali limepanga bikoni kwa namba zake, lakini mpaka hautembei kwa namba. Kwenye mchoro, kutoka GT13 mstari unakwenda GT28, kisha GT27, halafu unarudi GT12. Hilo ni jambo la kawaida pale viwanja vilivyopangwa mistari miwili vinapotumia bikoni kwa pamoja. Ukifuata jedwali, mistari inakatana katikati, na nusu moja ya umbo inafuta nyingine. Kwa hiyo mpangilio wa orodha safi utoke kwenye mchoro, siku zote.

Nikizipanga upya, eneo linakuwa 1012.0. Bado si 907. Hapa ndipo pande zinaingia. Kwenye mchoro zimeandikwa hivi: GT12 hadi GT13 ni mita 30.21, GT13 hadi GT28 ni 30.01, GT28 hadi GT27 ni 30.23, na GT27 hadi GT12 ni 30.03. Kodineti nilizosoma zinatoa 30.19, 35.91, 31.87 na 30.02. Upande wa kwanza na wa mwisho zinakubaliana na mchoro. Mbili za katikati hazikubaliani, na zinakutana kwenye bikoni moja tu: GT28. Bikoni moja ikisomwa vibaya huharibu pande mbili zinazoishika na kuziacha nyingine salama, na hiyo ndiyo alama yake.

Sasa tujue ni tarakimu ipi. Kona moja ikisogea kuelekea kaskazini au kusini huku nyingine zimetulia, eneo hubadilika kwa nusu ya mwendo huo mara tofauti ya E kati ya bikoni mbili jirani zake. Majirani wa GT28 ni GT13 na GT27, na E zao zimepishana kwa mita 35.15. Eneo limezidi kwa 105.0. Zidisha kwa mbili, gawanya kwa 35.15, unapata 5.97. Eneo la kwenye ramani limekaribishwa hadi mita ya mraba moja, na hilo peke yake linaweza kusogeza jibu hili kwa takriban mita 0.03. Kwa hiyo 5.97 ni 6 kamili: N ya GT28 imezidi kwa mita 6, na tarakimu ya mita inashuka kutoka 7 hadi 1. Mkunjo wa karatasi ulikuwa umeiwekea 1 kichwa.

Nijaribu pia upande wa pili, kwamba huenda kosa liko kwenye E. Majirani wamepishana kwa mita 23.97 kwenye N. Mahesabu yaleyale yanatoa 8.76, na hakuna tarakimu moja ambayo ikisomwa vibaya inazaa mwendo wa namna hiyo. Kosa la tarakimu moja husogeza bikoni kwa namba nzima ya mita, au ya makumi, au ya sehemu za kumi. Ndiyo maana napenda ukaguzi huu kuliko kukodolea picha macho: unatoa jibu ambalo linaweza kukataliwa.

Kwa 9631141.80, eneo ni 906.5, na pande za GT28 zinakuwa 30.00 na 30.22. Bado kila upande wa kodineti ni mfupi kuliko wa mchoro kwa sentimita moja au mbili. Hilo si kosa la kusoma. UTM hupunguza urefu kwa kigezo cha 0.9996 karibu na mstari wa kati wa kanda, pale ambapo E iko jirani na 500000. Kila mita 100 za ardhini zinapungua sentimita 4, na mchoro mara nyingi huandika urefu wa ardhini. Tofauti ndogo inayokwenda upande mmoja kwenye pande zote iache ilivyo. Inayoruka kwenye bikoni moja ifuatilie.

Orodha safi basi ni hii, kwa mpangilio wa mpaka:

```
kiwanja,kitalu,eneo_ha,bikoni,E,N,hali
214,D,0.0907,GT12,524318.42,9631106.75,wazi
214,D,0.0907,GT13,524348.10,9631112.30,wazi
214,D,0.0907,GT28,524342.66,9631141.80,N kwa hesabu
214,D,0.0907,GT27,524312.95,9631136.27,wazi
```

Safu ya mwisho usiiache. Tarakimu iliyopatikana kwa hesabu si sawa na iliyosomwa, na anayekwenda kusimika au kufufua bikoni ana haki ya kujua ni ipi aithibitishe kwenye karatasi ya asili kabla ya kuchimba. Eneo nalo ni lile lililoandikwa, 906.5 yako ni ya ukaguzi, isiingie kwenye orodha kama eneo la kiwanja. Na pale ambapo hata hesabu haiamui, kwa mfano pande hazijaandikwa na bikoni mbili zote zimefifia, weka alama ya kuuliza mahali pa tarakimu na uombe picha nyingine.

Kuna makosa ambayo njia hii haiyaoni kabisa. Ukisoma 9631 kama 9637 kwenye mistari yote, kiwanja kizima kimehama kilomita 6 bila upande wala eneo kubadilika. Ukibadilishana E na N kote, eneo ni lilelile. Ukidhani kodineti ni za WGS 84, mfumo ambao GPS hutumia, kumbe ni za mfumo wa zamani, kiwanja kinaweza kusogea mamia ya mita, na hesabu zako zote zikaonekana safi. Kinga ya hayo haiko kwenye jedwali, iko pembezoni mwa karatasi: namba za gridi kwenye kingo za mchoro, jina la mfumo na namba ya kanda. Zinakili juu ya orodha kama zilivyoandikwa. Kama hazimo kwenye picha, sehemu hiyo ibaki wazi hadi picha ya kingo iletwe.