"Kaka hana salio, amenituma niseme leo haji"

Sentensi hiyo nimeisikia getini mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mimi ni afisa utumishi wa kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam, upande wa viwandani, na wafanyakazi wetu wengi wanatokea Gongo la Mboto, Chanika na Mbagala. Mtu anaamka usiku wa manane anaumwa, simu iko mkononi, salio sifuri. Kukopa salio hakuwezekani kwa sababu deni la mkopo uliopita bado linaning'inia, na hata jirani akimpa vocha ya 500, deni linaanza kujilipa lenyewe kabla hajapiga. Kubaki kubipu? Msimamizi wake wa zamu ni mtu mzima, na kwetu kumbipu bosi alfajiri ni sawa na kumwambia gharama ya ugonjwa wangu ibebe wewe. Basi anamwamsha mdogo wake, anampa nauli ya daladala, anamwambia: nenda kazini kwangu, sema naumwa.

Njia hii inakubalika. Naanza na hilo kwa sababu wapo wasimamizi wanaodai kwamba taarifa isiyokuja kwa simu si taarifa. Isipokuwa kama utaratibu wa kazini kwenu umeandika vingine, mjumbe anatosha kabisa. Kinachowaponza watu ni jinsi ujumbe unavyopita kutoka kitandani hadi kwenye daftari la mahudhurio, maana katikati hapo kuna mikono mitatu au minne, na kila mkono unapunguza kitu.

Nitaeleza kisa kimoja kilichopita mezani kwangu. Kijana wa kitengo cha ufungashaji, zamu ya asubuhi inayoanza saa 1. Jumapili usiku akaanza kutapika na kuharisha. Saa 11 alfajiri akamtuma mdogo wake, mwanafunzi wa sekondari, na mtoto huyo akafika getini saa 12 na dakika 40. Tuseme ukweli, mtoto alifanya kazi yake vizuri. Akamsalimia mlinzi, "Shikamoo mzee," akaitikiwa marahaba, akasema kaka yake anaumwa hawezi kuja. Mlinzi akauliza kaka yako nani. Mtoto akataja jina la nyumbani, lile analoitwa na mtaa mzima. Kiwandani hakuna anayelijua. Kitengo gani? "Anafunga funga vitu." Mlinzi akasema sawa, nitawaambia, wewe wahi shule.

Saa 1 walinzi wakabadilishana lindo. Yule wa usiku akaenda kulala na ujumbe wake. Kwenye ufungashaji, msimamizi akaita majina, akakuta mmoja hayupo, akachukua kibarua wa kuziba nafasi na kuandika "mtoro" mbele ya jina la yule kijana. Jumanne akaandika tena, Jumatano tena. Alhamisi kijana akarudi, amekonda, ana cheti cha kupumzika kutoka zahanati, kile tunachokiita i-di, akakuta barua ya kujieleza inamsubiri.

Nyumbani wote walikuwa na hakika taarifa imefika. Kiwandani wote walikuwa na hakika haikuja. Na hakuna aliyekuwa anadanganya.

Kilichomwokoa ni daftari la wageni. Mlinzi yule wa usiku ni mtu wa utaratibu, kila anayesimama getini humwandika hata asipoingia ndani. Nilipofungua ukurasa wa Jumatatu nikakuta: saa 12:40, jina la mtoto, na kwenye safu ya sababu, "kaka yake mgonjwa". Mstari mmoja tu. Nilimwita msimamizi akausoma, na ile alama ya utoro ya Jumatatu ikabadilishwa kuwa taarifa iliyopokelewa.

Lakini hapo ndipo watu wengi wanachanganya, na ndiyo sababu hasa ya mimi kuandika. Taarifa ni kitu kimoja, ruhusa ni kitu cha pili, ushahidi wa ugonjwa ni cha tatu. Ndugu yako akifika getini analeta cha kwanza peke yake. Ruhusa anaitoa mwajiri. Ushahidi anautoa mganga. Cheti cha kijana wetu kilikuwa cha Jumanne na Jumatano, kwa sababu Jumatatu alikunywa dawa ya chumvi na sukari nyumbani akitumaini itapita. Kwa hiyo siku mbili ziliingia kwenye likizo ya ugonjwa, ila Jumatatu haikuwa na karatasi. Tulikubaliana naye ikatwe kwenye likizo yake ya mwaka. Taarifa ya mdogo wake ilimwondolea utoro, haikumlipa mshahara wa siku ile.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeliweka hivi: likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, na mwajiri halazimiki kulipa kama cheti cha daktari hakikuletwa. Upande wa nidhamu, kanuni za utendaji bora za 2007, zile za Tangazo la Serikali Namba 42, zinahesabu kutokuwepo kazini kwa zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa au bila sababu inayokubalika kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Soma hapo kwenye "au bila sababu inayokubalika". Mtu akifikishwa kwenye kikao cha nidhamu, ambacho kwa kawaida anatakiwa apewe si chini ya saa 48 za kujiandaa, swali la kwanza ninalomuuliza ni: ulimjulisha nani, lini? Akijibu "nilimtuma mke wangu", nitauliza alionana na nani. Akisema "na mtu mmoja pale mlangoni", tumeshakwama, na tukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi tutakwama zaidi.

Sasa, ningekuwa mimi ndiye naumwa na sina salio, ningefanyaje? Ningeandika. Nusu ukurasa wa daftari la mtoto unatosha, kwa mkono wangu, maana ndugu anaweza kusahau lakini karatasi haisahau. Kwa kile kisa cha juu, kikaratasi kingesomeka hivi:

"Kwa msimamizi wa zamu ya asubuhi, ufungashaji. Mimi (majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha kazi, na namba ya kazi). Leo Jumatatu sitaweza kufika. Natapika na kuharisha tangu usiku. Naenda zahanati asubuhi hii na cheti nitakileta. Nikipewa mapumziko zaidi ya leo nitatuma taarifa tena kabla ya zamu ya kesho. Simu yangu haina salio lakini inapokea, naomba unipigie ukihitaji. Anayeleta ni mdogo wangu."

Halafu tarehe, saa na sahihi. Ona ile sentensi ya simu. Watu wanasahau kwamba simu isiyo na salio bado inaita. Mjumbe ni barabara ya kwenda tu: msimamizi akitaka kuuliza funguo za stoo umeziacha wapi, mtoto hajui. Ukiandika kwamba unaweza kupigiwa, umemwachia mlango wa kurudi, na mara nyingi shaka yote inaisha kwenye simu ya dakika moja. Kama chaji nayo imeisha, andika namba ya mtu wa karibu utakayekuwa naye.

Karatasi hiyo ningeiandika mara mbili. Moja inabaki kazini, ya pili inaandikwa nyuma "imepokelewa", jina la aliyepokea na saa, kisha inarudi nyumbani. Wengine wataona ni urasimu wa kupeleka barua wizarani. Sawa, lakini kalamu ni ileile na daftari ni lilelile.

Na mjumbe mwenyewe apewe maagizo mawili tu. La kwanza, usiondoke getini mpaka umwone msimamizi au mtu wa utumishi, au mlinzi awapigie simu ya ndani ukiwa umesimama hapo. Mfanyakazi mwenzake aliyekutana naye kituo cha daladala hahesabiki, ataingia ndani akute mashine imegoma, asahau. La pili, usiongeze neno. Hili linaumiza sana. Ndugu akiulizwa "anaumwa nini?" huona aibu kusema sijui, basi anatafuta jibu. Nimeshawahi kupokea dada wa mfanyakazi aliyesema kwa uhakika kabisa kwamba ni homa ya matumbo, na siku mbili baadaye cheti kikaja cha malaria. Msimamizi akashikilia kwamba wanamchezea akili. Ilinichukua nusu saa kumweleza kwamba dada hakuwa daktari, alikuwa anasaidia. "Anaumwa, ameenda zahanati, mengine yako humo kwenye karatasi" ni jibu kamili. Na yapo magonjwa ambayo mtu hataki yasemwe mbele ya mstari mzima wa wafungashaji. Undani wa hayo usipewe mjumbe wala usiandikwe kwenye kikaratasi, atauongea mwenyewe na sisi akirudi.

Mtoto mdogo wa shule ya msingi msimtume, jamani. Si kwamba hatumwamini. Mlinzi hamruhusu kusubiri karibu na malori, anamfukuza kwa usalama wake, na ujumbe unarudi naye nyumbani.

Kwa upande wetu tulibadilisha kitu kimoja. Pale getini sasa kuna daftari dogo la pekee lenye safu za jina la mfanyakazi, kitengo, aliyeleta, saa, na sahihi ya msimamizi aliyeitwa. Walinzi wakibadilishana lindo wanakabidhiana na hilo pia. Msimamizi haruhusiwi kuandika "mtoro" kabla hajalichungulia.

Miezi kadhaa baadaye yule mwanafunzi alikuja tena, saa 12 na nusu, kaka yake safari hii ana homa. Alikuwa na kikaratasi kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa shati la shule. Mlinzi alipomwambia aache tu ataonana nao, akajibu kwa heshima kwamba kaka amesema asubiri. Akasubiri. Msimamizi akatoka, akasoma, akapiga namba palepale akiwa amesimama kwenye jua, na simu ikapokelewa kwenye foleni ya zahanati.